"Mwezi hukuuona?": kisa cha kuomba siku nne Kigoma

Jioni ya Jumamosi, Septemba 30, 2023, kijana mmoja alinijia nyumbani Mwanga, hapa Kigoma mjini, akiwa ameshika simu kama mtu aliyeshika barua ya kufukuzwa kazi. "Kaka, nisomee hii kabla sijaituma," akasema. Ilikuwa meseji ya kumwomba msimamizi wake amwongezee muda wa kukabidhi ripoti. Mwezi ulikuwa umepevuka siku moja kabla, na pale uani tuliweza kusoma bila taa. Sikujua bado kwamba mwezi huo huo ndio uliomleta.

Kazi yake ilikuwa hivi. Shirika alilokuwa akifanyia kazi lilimtuma kupima dagaa wanaoshushwa katika mialo miwili, Kibirizi upande wa kaskazini mwa mji na Katonga upande wa kusini, na kuandika bei wanayouzwa wakiwa wabichi. Zilihitajika asubuhi 12 za kupima katika kila mwalo. Yeye alisimama Kibirizi na msaidizi wake Katonga. Juu ya hayo kulikuwa na mahojiano na akina mama 40 wanaoanika dagaa. Ripoti ilitakiwa Ijumaa, Oktoba 6. Alianza Jumatatu, Septemba 18, na kwenye karatasi ratiba yake ilipendeza: siku sita kwa wiki, wiki mbili, asubuhi 12 zimetimia, na wiki ya tatu nzima ya kuchambua na kuandika.

Anayeishi Kigoma ameshaona tatizo. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi huwasha taa juu ya maji meusi, dagaa wakakusanyika kwenye mwanga, ndipo wavu ukapandishwa. Mbalamwezi ikiwa kali, ziwa lote lina mwanga, na taa ya mvuvi haina cha kumvutia dagaa. Kwa hiyo katika siku zinazozunguka mwezi mpevu wavuvi hupumzika, wakashona nyavu na kukarabati mitumbwi, na mwaloni pakawa patupu. Mwezi ukishapevuka huchelewa kuchomoza kwa kama dakika 50 kila usiku, hivyo baada ya siku nne au tano giza la mwanzo wa usiku hurefuka vya kutosha na kazi huanza tena. Mwezi wa Septemba ulipevuka tarehe 29, katikati kabisa ya ratiba yake. Jumanne tarehe 26 ilitia nanga mitumbwi miwili tu pale Kibirizi. Jumatano hapakuwa na hata mmoja. Alikuwa na asubuhi saba, za tarehe 18 hadi 25, basi.

Wala asingehitaji kumuuliza mvuvi. Maulidi yalikuwa wiki ile ile, na Maulidi husomwa usiku wa kuamkia mwezi 12 Mfunguo Sita. Mwezi 12 kwa hesabu ya kuandama ni siku mbili tatu tu kabla ya mwezi kujaa. Mtoto wa Ujiji anayesubiri kwenda kusikiliza maulidi anajua kwamba atatembea kwenye mwanga. Ila kijana wetu alikuwa mgeni, ametoka bara kavu, na alipanga kwa kalenda ya ukutani ofisini.

Sasa meseji yenyewe. Aliniruhusu niinakili, nami naiweka kama ilivyokuwa:

"Shikamoo Mama. Natumaini u mzima wa afya wewe pamoja na familia. Samahani sana kwa usumbufu. Kutokana na changamoto mbalimbali zilizo nje ya uwezo wangu, ikiwemo hali ya mwezi, sikukuu ya Maulidi, mtandao kusumbua pamoja na mimi mwenyewe kusumbuliwa na malaria, kazi haijakamilika. Naomba kuongezewa muda kidogo. Nitashukuru sana ukinielewa. Samahani tena kwa usumbufu utakaojitokeza."

Ni meseji ya adabu. Nimepokea nyingi za namna hii nikiwa msimamizi wa wakusanya takwimu, na nakiri kwamba niliandika chache mwenyewe nikiwa kijana. Anayeipokea huwa na kazi moja tu kichwani: nifanye nini sasa? Meseji hii haimsaidii. Haisemi kazi imefika wapi, haisemi ni siku ngapi zinaombwa, na haisemi atapata nini Ijumaa. Lazima apige simu kuuliza yote matatu, na mtu anayelazimika kuuliza huanza kuuliza kama hakimu.

Lakini kilichonikera zaidi ni zile sababu nne. Nilimtaka azitetee moja moja. Malaria? Aliugua kweli, akameza dawa wiki ya kwanza, lakini hakukosa asubuhi hata moja. Mtandao? Ulisumbua siku mbili, ila takwimu zenyewe anaziandika kwenye daftari. Maulidi? Ofisi ilifungwa siku moja, lakini hata ingefunguliwa asingekuwa na dagaa wa kupima. Ilibaki sababu moja tu iliyomgharimu asubuhi tano, nayo ni mwezi. Zile tatu alizisogeza karibu ili mwezi usionekane peke yake, kwa sababu ukiwa peke yake unauliza swali la aibu: kwani hukujua? Msomaji mzoefu huona hilo haraka. Sababu moja ya kweli akiikuta kati ya tatu dhaifu, anaipima kwa uzito wa zile dhaifu. Kama ugonjwa ungekuwa umemlaza siku tatu, tungeuandika pamoja na tarehe zake, na usingekuwa kisingizio. Kigezo tulichotumia ni kimoja: sababu hii imekula asubuhi ngapi? Ikiwa jibu ni sifuri, inatoka.

Kisha tukaja kwenye "nje ya uwezo wangu". Mwezi uko nje ya uwezo wa kila mtu. Ratiba ilikuwa mikononi mwake. Hapo ndipo uzembe unapoonekana, kwa sababu mtu amekwepa sehemu iliyo yake na kuikimbilia ile ya Mungu. Na Kiswahili chetu, niseme ukweli, kinatupa mlango mzuri wa kukwepea. Tunasema kazi imechelewa, imeshindikana, haijakamilika, kumetokea changamoto. Kitenzi kinakaa vizuri na mtendaji hayupo popote. Kazi imechelewa yenyewe, kana kwamba iliondoka asubuhi kwa miguu ikapotea njia. Nilimwambia abadili kitenzi kimoja tu aone: badala ya "kazi haijakamilika", aandike "sijakamilisha". Akaandika, akaitazama, akaifuta. "Kaka, hii inauma." Inauma, ndiyo, lakini huyo mama atajua anaongea na mtu.

Alikuwa na mipango mingine miwili niliyoipinga. Wa kwanza ulikuwa kusubiri hadi Alhamisi tarehe 5, kwa matumaini kwamba mitumbwi itatoka na pengine mambo yatajipa. Tulihesabu. Hata wavuvi wangetoka usiku ule ule, kuanzia Jumapili hadi Alhamisi ni asubuhi tano, na hapo ripoti ingeandikwa usiku mmoja. Kwa kweli alishajua tangu Jumatano tarehe 27 kwamba haiwezekani. Siku tatu zilikuwa zimepita, na kila siku aliyokaa kimya ilikuwa inageuza kosa la kupanga kuwa kosa la kuficha. Msimamizi anaweza kumsamehe asiyeujua mwezi wa Kigoma. Aliyejua Jumatano akasema Alhamisi ya wiki ya pili ni habari nyingine.

Mpango wa pili ulikuwa kumtumia mzee mmoja wa ofisini "akamwombee". Hili ni letu kabisa, na lina mahali pake: kwenye posa, kwenye ugomvi wa ndugu, kwa mkubwa aliyekasirika tayari. Hapa hapakuwa na ugomvi wa kusuluhisha. Kulikuwa na tarehe ya kupangwa, na mzee yule asingeweza kujibu hata swali la kwanza kuhusu asubuhi zilizobaki. Angerudi kuuliza, mama angejua kijana amejificha nyuma ya mtu, na heshima ingepungua badala ya kuongezeka.

Basi tukageukia tarehe. Yeye alitaka kuomba "wiki moja". Kwa nini wiki? Hakuwa na jibu, ni kwamba wiki inatamkika vizuri. Nikamuuliza ripoti yake inakwenda wapi ikitoka kwake. Hilo alilijua: msimamizi anaiunganisha na za maeneo mengine na kuzituma zote kwa mfadhili Jumatano, Oktoba 11. Maana yake wiki moja, yaani Ijumaa tarehe 13, ingempita mama yule siku mbili. Angeomba jambo ambalo aombwaye hana uwezo wa kulitoa, na asingejua ni kwa nini amekataliwa.

Kesho yake, Jumapili, alikwenda Kibirizi na kumtuma msaidizi Katonga waulize wavuvi watatoka lini. Jibu lilikuwa moja pande zote: Jumanne usiku. Kwa hiyo mzigo wa kwanza ungeshushwa Jumatano asubuhi, tarehe 4. Akipima Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili anafikisha asubuhi 12 tarehe 8. Siku moja ya kuingiza na kuhakiki namba, Jumatatu. Nusu siku ya kuandika. Inakuja Jumanne tarehe 10, saa sita mchana. Ni siku nne, wala si wiki. Na siku nne zilizopatikana kwa hesabu zina nguvu kuliko saba zilizokisiwa, kwa sababu mama akiuliza "kwa nini nne?" kuna jibu.

Lilikuwepo tundu moja, nikamwonyesha. Hesabu ile haina akiba. Oktoba ndipo mvua zinaanza Kigoma, na mvua za kwanza huja na upepo. Usiku mmoja wa mawimbi, asubuhi moja imekufa, naye atalazimika kurudi kuomba mara ya pili. Ombi la pili ndilo linaloua. La kwanza linasema "nilikosea kupanga". La pili linasema "sijui kupanga". Lakini kuomba siku ya tano kusingewezekana, ukuta wa tarehe 11 ulikuwa palepale. Njia iliyobaki ilikuwa kusema mapema kwamba tarehe haitasogea, na kama ziwa litakataa, zitakazosogea ni asubuhi: ataleta 11 na kuandika kwamba ni 11.

Meseji aliyoituma Jumatatu, Oktoba 2, saa mbili asubuhi, ni hii:

"Shikamoo Mama. Ripoti ya mialo ya Ijumaa tarehe 6 sitaweza kuikabidhi ikiwa kamili. Nina asubuhi 7 kati ya 12. Wavuvi wamepumzika tangu wiki iliyopita kwa sababu ya mbalamwezi. Nilikosea: nilipanga ratiba bila kuangalia mwezi, na nilipaswa kukuambia tangu Jumatano. Mahojiano nimefanya 31 kati ya 40, yaliyobaki namaliza kesho. Ijumaa saa 6 mchana nitakuletea sehemu ya mahojiano ikiwa kamili, pamoja na jedwali la asubuhi 7. Wavuvi wanatoka kesho usiku, nitapima Jumatano hadi Jumapili. Naomba sehemu ya uzito na bei niikabidhi Jumanne tarehe 10 saa 6 mchana. Ziwa likichafuka, tarehe haitabadilika. Nitaleta asubuhi nitakazokuwa nazo na kueleza. Kama Jumanne inavuruga majumuisho yako, nipo kwenye simu muda wowote."

Samahani haimo hata moja. Alitaka kuirudisha, nikamwachia uamuzi, naye mwishowe akaona kwamba "nilikosea" imeshafanya kazi hiyo. Shikamoo imebaki, maana ni mama yake kwa umri na hakuna ratiba inayofuta hilo. Maswali ya familia yametoka. Meseji ya saa mbili asubuhi Jumatatu inayoanza kwa kuulizia watoto humfanya mkubwa asubiri pigo.

Mama alipiga simu baada ya nusu saa hivi. Nilisimuliwa, sikuwepo. Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile tulilolitarajia.

"Mwezi hukuuona?"

"Sikuuangalia, mama. Nilipanga kwa kalenda ya ofisi."

Akanyamaza, naye kijana akanyamaza. Hapo ndipo nilipokuwa na wasiwasi naye zaidi, kwa sababu kimya cha mkubwa hutuvuta kuongeza maneno, na neno litakalokuja mdomoni ni malaria. Hakuongeza.

Swali la pili hatukulitarajia. "Na hizi siku ambazo mitumbwi imelala, bei ya dagaa wakavu sokoni umeandika?" Hakuwa ameandika. Hakuambiwa aandike, lakini mama alikuwa na hoja: wavuvi wakipumzika dagaa wabichi hawapo, wakavu wanapungua, na bei inasogea. Siku ambazo yeye alizihesabu kuwa zimepotea zilikuwa na takwimu ndani yake. Aliyajua haya yule mama, na mimi niliyejifanya mwalimu wa meseji sikuyafikiria. Kijana akajibu kwamba hajaandika, na zimebaki leo na kesho tu kabla wavuvi hawajatoka, kwa hiyo ataanza mchana huo. Akina mama tisa waliobaki wa mahojiano ndio hao hao wauzaji, angewauliza pia walikuwa wakiuza kwa bei gani wiki iliyopita.

Kisha likaja jambo gumu. "Jumanne saa sita siwezi," mama akasema. "Nataka niunganishe Jumanne. Niletee Jumatatu saa kumi na moja jioni."

Kwa desturi jibu ni moja: "Sawa, mama." Linatoka lenyewe, ni heshima, na ndilo linalozaa ombi la pili. Kijana alikuwa na karatasi ya hesabu mbele yake, nami nilimsihi asipokee simu bila kuwa nayo. Aliona kwamba kama angeingiza namba kila siku mchana badala ya kuzisubiri hadi Jumatatu, jedwali lingewezekana Jumatatu jioni. Maelezo ya bei yasingewezekana. Akasema: "Jedwali la uzito na bei litakufikia Jumatatu saa kumi na moja, mama. Maelezo ya kurasa mbili naomba Jumanne saa nne asubuhi." Mama akauliza kama kurasa mbili zinatosha, akaambiwa zinatosha, akasema haya. Simu ikakatwa bila kwaheri. Kwa mujibu wa wanaomfahamu, hiyo ni dalili nzuri.

Ijumaa saa sita kasorobo alikabidhi mahojiano yote 40, jedwali la asubuhi saba, na ukurasa mmoja wa bei za dagaa wakavu. Alfajiri ya Jumamosi upepo ulivuma, na Katonga hapakushushwa kitu. Kibirizi mitumbwi ilitoka kwa uchache. Mchana ule ule akatuma meseji ya mistari miwili: Katonga itaishia asubuhi 11, Kibirizi 12, tarehe haibadiliki. Jibu lilikuwa "Sawa." Jedwali likaondoka Jumatatu saa kumi na dakika 40, na kurasa mbili Jumanne asubuhi, zikiwa na sentensi moja juu ya pengo la Katonga.

Ningependa kusema mama yule hakulikumbuka tena jambo lile, lakini si kweli. Kwenye tathmini ya mwisho wa mwaka aliandika kwamba kijana "alipanga bila kuuliza wenyeji". Ndivyo ilivyokuwa, na meseji nzuri haikuja kulifuta hilo. Njia hii pia isingemfaa kama tarehe ingekuwa ya mfadhili mwenyewe na imeandikwa kwenye mkataba, kwani hapo msimamizi hana siku za kugawa, na kinachoombwa ni kupunguza kazi badala ya kuongeza muda.

Januari aliniletea ratiba ya zamu iliyofuata niitazame. Pembeni ya tarehe alikuwa ameongeza safu nyembamba, ameichora duara ndogo kwa kalamu: tupu, nusu, zilizojaa. Kwenye duara zilizojaa hakukuwa na asubuhi za kupima. Kulikuwa kumeandikwa "bei ya wakavu, mahojiano".